Mikro 13, Vidole 10

Likasi kila mtu ni fundi wa sauti, isipokuwa mimi ninayekaa kwenye meza ya sauti. Mama wa kiti cha mbele ni fundi. Shemasi wa mlangoni ni fundi, naye anafanya kazi yake kwa ishara: kidole chini, kidole chini, kisha mkono mzima chini kama anayezima moto. Hata yule mtoto anayelala kwenye benchi akishtuka usingizini anatazama upande wangu. Wote wana neno moja tu: punguza batri.

Batri ninayoisema si ya gari. Huku Katanga ndivyo tunavyoita seti nzima ya ngoma za kisasa, ile ambayo wenzetu wa pwani wanaiita dramu. Na batri ya kanisa letu la Kikula siku hizi imekuwa ukoo mzima. Ngoma ya mguu ina mikro 2, moja ndani na moja nje. Snea ina 2, juu na chini. Hai-hati ina yake. Tomu ni 4, halafu ziko mbili kubwa zinazosimama sakafuni, halafu mikro 2 zimening'inizwa juu kwa ajili ya matoazi. Jumla 13. Mimi nina vidole 10, na kimoja kati yake kazi yake ni kukuna kichwa.

Mji huu haukuzaliwa na makelele namna hii. Mwaka 1952, ukingali unaitwa Jadotville, Hugh Tracey alimrekodi hapa Mwenda Jean Bosco, gitaa moja na sauti moja, na mpaka leo wapiga gitaa wa Afrika wanaumiza vidole kumfuata. Sijui Tracey angefanya nini na kijana wetu mpiga batri, ambaye kila sikukuu anapata mfadhili wa tomu nyingine.

Tulipewa meza ya kidijitali, Behringer X32, na watu wakashangilia kwamba sasa matatizo yamekwisha. Meza hiyo ina njia 32 za kuingiza sauti, basi 16 za kuzichanganya, na DCA 8. Lakini vitelezi, vile vitufe vya kusukuma juu na chini, upande wa kushoto viko 16 tu kwa wakati mmoja. Batri peke yake inakula 13. Besi, gitaa na kinanda wanajaza nafasi zilizobaki, na waimbaji wote pamoja na Pasta wanahamia ukurasa wa pili. Kwa hiyo kumfuata Pasta ni lazima niache batri, na kufuata batri ni lazima nimwache Pasta. Nikimwacha Pasta, nitaitwa ofisini.

Dawa ya ugonjwa huu inajulikana, nayo ni kuikusanya batri yote chini ya kitelezi kimoja. Hapo ndipo mafundi wangu wa kujitolea wanapoanza kunitesa, kwa sababu meza inazo njia mbili za kukusanya, na kila kijana anayerudi kutoka Lubumbashi, kilomita 120 tu, anarudi na msimamo mkali juu ya mojawapo kama mtu aliyebadili dhehebu. Mmoja anasema, "Yaya, weka sabgrupu." Mwingine anasema, "Sabgrupu ni ya wazee, weka VCA." Ukiwauliza tofauti, wote wawili wanaanza kukohoa.

Basi nitaisema mimi. Sabgrupu ni njia ya sauti yenyewe. Ngoma zote 13 zinamwagwa kwenye basi moja, au mbili ukitaka kushoto na kulia, na kutoka pale zinakwenda kwenye spika kubwa. Kwa kuwa sauti inapita mle, unaweza kuitega njiani: kuweka kompresa moja ya kuibana batri yote kwa pamoja, au kuondoa ukali wake mara moja badala ya mara 13. Kitelezi cha sabgrupu kiko mwishoni mwa njia hiyo, baada ya kompresa.

VCA haipitishi sauti hata chembe. Kwenye meza za zamani ilikuwa volti inayotumwa kwenye vipaza nguvu vya kila chaneli kuviamuru vishuke au vipande. Kwenye meza za kidijitali ni hesabu tu, ndiyo maana zinaiita DCA, lakini kazi ni ileile. Ukishusha VCA desibeli 5, kila chaneli iliyo chini yake inashuka desibeli 5 kutoka pale ilipokuwa. Snea iliyokuwa kwenye 0 inakuwa kama iko -5, hai-hati iliyokuwa -10 inakuwa kama iko -15, na uwiano wao haubadiliki. Vitelezi vyenyewe havisogei. Hilo la mwisho mlishike, maana ndilo linaloniletea wageni nyuma ya meza: wanaona vitelezi 13 vimesimama juu kama askari na wanasema, "Aa, kumbe ndiyo maana batri iko inalia sana!" Kisha wananyoosha mkono.

Mpaka hapo unaweza kudhani njia hizi mbili ni sawa, uchague unayoipenda. Na kweli, kama huna kompresa kwenye sabgrupu na huna mwangwi kwenye ngoma, ni sawa kabisa, nenda ukale bukari yako kwa amani. Lakini sisi tuna vyote viwili. Vijana wanataka snea iwe na mwangwi kama ya kwenye video, na kompresa iliwekwa na fundi mgeni aliyebana kwa nguvu zote kisha akapanda gari akaenda zake.

Tuanze na mwangwi. Mwangwi wa snea unapata chakula chake kutoka chaneli ya snea, baada ya kitelezi cha chaneli hiyo. Unatoka mle, unaingia kwenye kifaa cha mwangwi ndani ya meza, unarudi kwa mlango wake na kwenda moja kwa moja kwenye spika. Haupiti kwenye sabgrupu. Sasa shemasi ameshusha mkono, nami nimeshusha sabgrupu desibeli 6. Ngoma zimeshuka 6. Mwangwi haukupewa habari. Umebaki palepale, na snea ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa mbele ya madhabahu sasa inasikika kama imepigwa ndani ya karakana tupu ya reli. Nikishusha sabgrupu mpaka chini kabisa, ngoma zinatoweka kwenye spika na kivuli chao kinaendelea kucheza peke yake. Mama wa kiti cha mbele aliwahi kukemea kivuli hicho kwa jina la Yesu.

Ukitumia VCA, kosa hili halipo. VCA inashusha chaneli yenyewe, hivyo chakula cha mwangwi kinapungua kwa kiasi kilekile. Ndiyo hoja kubwa ya vijana wa VCA, na ni ya kweli. Ila wanapozidisha ujuzi wanachukua na mlango wa kurudia wa mwangwi wanauweka chini ya VCA hiyohiyo. Hapo ukishusha 6, mwangwi unapata 6 pungufu kwa kuingia na 6 pungufu kwa kutoka. Umeshuka 12 huku ngoma zimeshuka 6, na batri inakauka kama samaki wa Lufira juani. Wakiniuliza kwa nini, nawaonyesha, wananiambia meza ni mbovu.

Lakini VCA nayo ina mtego wake, na huu ndio ulionifanya niandike, kwa sababu hakuna anayeusadiki mpaka auone. Kumbukeni kompresa iko kwenye sabgrupu. VCA iko kwenye chaneli, yaani kabla ya kompresa. Kompresa ina mpaka: sauti ikiwa chini ya mpaka inapita bila kuguswa, ikiuvuka inabanwa. Yetu ilipangwa 4 kwa 1, maana yake kila desibeli 4 zinazovuka mpaka, inatoka 1. Kijana wetu akipiga kwa hasira, batri inavuka mpaka kwa desibeli 12. Kompresa inazigeuza kuwa 3. Sasa nashusha VCA desibeli 6. Batri inafika kwenye kompresa ikiwa imevuka kwa 6 tu, na kompresa inazigeuza kuwa 1.5. Toa mwenyewe: kutoka 3 kwenda 1.5. Nimeshusha kitelezi desibeli 6, na kwenye spika imeshuka desibeli 1 na nusu!

Shemasi anaona mkono wangu umeshuka. Hasikii tofauti. Anahitimisha kwamba nina kiburi.

Na si hayo tu. Mapigo madogo ya batri, yale ya kupapasa kati ya pigo na pigo, hayakuwa yamefika kwenye mpaka. Kompresa haiyagusi, kwa hiyo yenyewe yanashuka desibeli 6 kamili. Mwangwi nao umeshuka 6 kamili. Maana yake, kwa kushusha VCA nimepunguza kila kitu kizuri na kulainisha kila kitu kilichokuwa laini tayari, wakati yale mapigo makubwa yanayowaua watu masikio yamebaki karibu yalivyokuwa. Ukitaka kujua kama umeingia kwenye mtego huu, huna haja ya masikio ya popo. Itazame kompresa ya sabgrupu wakati unashusha VCA. Zile taa zinazoonyesha inabana kiasi gani zikipungua, kwetu zilitoka 9 zikaja 4 na nusu, basi ujue mkono wako unabishana na kompresa, na kompresa inashinda.

Kijana wa sabgrupu akisikia hivi anaruka kwa furaha. Atulie. Sabgrupu inashusha 6 kamili, ndiyo, lakini kivuli cha mwangwi kinamsubiri.

Mimi nilichofanya ni kuwakata wote wawili. Kwanza niliilegeza kompresa ikawa 2 kwa 1, na mpaka nikaupandisha hadi mapigo makubwa yauvuke kwa desibeli 4 tu, hivyo inabana 2. Kwa mpango huo hata mtu akishusha chaneli kwa 6, mapigo makubwa yanashuka 4, na hilo watu wanalisikia. Kisha nikaipa batri kifaa chake cha mwangwi, kisichochangiwa na waimbaji. Halafu DCA namba 1 sikuipa ngoma hata moja. Niliipa vitu viwili tu: basi ya sabgrupu ya batri, na mlango wa kurudia wa mwangwi ule. Kwenye X32 ni jambo la kushikilia kitufe cha kuchagua cha DCA na kubonyeza vya unavyotaka viingie. Sasa nikishusha DCA 1 kwa desibeli 6, sabgrupu inashuka 6 baada ya kompresa, mwangwi unashuka 6, kompresa inaendelea kubana kilekile ilichokuwa inabana, na batri inabaki batri ileile, ndogo zaidi. DCA zinakaa upande wa kulia ambao haugeuki ninapobadili ukurasa, basi Pasta naye ninaye mkononi.

Mpango huu haufai kama mwangwi wa batri ni uleule wa waimbaji, kwa sababu ukiushusha utawashusha na mama wa kwaya, na mume wa mmoja wao ni mwenyekiti wa kamati. Mwenye meza yenye mwangwi mmoja atumie VCA kwenye chaneli, kompresa aiguse kidogo tu au aiache.

DCA namba 2 niliiacha iwe ya chaneli, lakini hai-hati na mikro za matoazi tu. Hiyo ni kwa ajili ya sebene. Ibada ya kwetu ikifika kwenye sebene hakuna anayekaa, na kijana anaingia kwenye mwendo wa kavacha, ule walioueneza Zaiko Langa Langa miaka ya 1970, unaokimbia bila kuhema mithili ya treni. Mkono wa kulia unasaga hai-hati dakika 10 nzima. Ngoma nazihitaji palepale, chuma ndicho kinachotoboa. Nashusha DCA 2 kidogo, snea na ngoma ya mguu hazijui lolote.

Halafu kuna wale wa kuvuruga njia. Kila chaneli kwenye meza kama hii ina kibali cha kwenda kwenye spika kubwa moja kwa moja, kimeandikwa Main LR. Ukiipeleka snea kwenye sabgrupu bila kuzima kibali hicho, inafika kwenye spika mara mbili, kwa njia mbili. Kuna mtu alikuja kusaidia siku ya mazoezi, akaona taa hiyo imezimwa kwenye chaneli 13 mfululizo, akasikitika kwa ajili yetu, akaziwasha zote. Batri ikanenepa ghafla, na nikishusha DCA 1 mpaka chini, batri iko, haijali. Hicho ndicho kipimo chenyewe: funga sabgrupu kabisa, mpiga batri aendelee kupiga. Kama spika bado zinaimba ngoma, kuna njia ya panya. Na kama kwenye sabgrupu umeweka kifaa kinachochelewesha sauti hata kidogo sana, nakala mbili zinagombana na snea inatoa sauti ya bomba.

Ubaya mwingine wa DCA ni kumbukumbu. Meza ya kidijitali ikizimwa inakumbuka ilivyoachwa. Jumamosi moja vijana walishusha DCA ya waimbaji ili wasikie batri peke yake, umeme ukakatika, wakaenda nyumbani. Jumapili mikro zote za kwaya ziko wazi, vitelezi viko juu, taa za kuingia zinacheza, na hakuna sauti. Watu wakabadilisha kebo. Wakabadilisha mikro. Mmoja akapanda kwenye spika. Taa za kuingia zikicheza na chaneli iko wazi lakini haitoki, tafuta DCA kabla hujatafuta ngazi.

Sasa nirudi kwa shemasi, kwa sababu bado ananishushia mkono. Mpango umekaa sawa, DCA 1 inatii, na malalamiko hayajapungua hata kidogo. Basi nikaibonyeza mute ya DCA 1 katikati ya wimbo, batri yote ikatoka kwenye spika, na mwangwi wake. Nikamwangalia mama wa kiti cha mbele. Alikuwa bado ameziba masikio. Anakaa mita 3 kutoka kwenye snea, na ukumbi wetu ni tofali na bati. Alichokuwa anakisikia muda wote huo hakikupita kwenye meza yangu. Kilitoka kwenye ngozi ya ngoma kikaingia masikioni mwake bila kuniomba ruhusa. Sabgrupu, VCA na DCA zinatawala kile tu kinachotoka kwenye spika. Tena nikiishusha batri chini ya kiwango chake cha asili, mikro za kwaya zilizo jirani yake zinaidaka na kuileta tena kwenye spika kwa mlango wa nyuma, ikiwa mbovu zaidi.

Kwa hiyo ninaiomba kamati ya fedha, kwa heshima zote, iache kuzungumzia meza mpya. Tununue fimbo nyembamba, zulia nene la chini ya batri na mapazia ya ukuta ule wa nyuma. Na mama wa kiti cha mbele ahamishiwe safu ya sita, kwa upole, siyo na mimi.